Kutoka Kitini Hadi Mtihani: Chati ya Fonetiki na Michoro Matawi, Hatua kwa Hatua

Kila msimu wa mitihani wadogo zangu wa chuo huniletea karatasi zao za majaribio hapa barazani, Mwanakwerekwe, na kila msimu maksi zimepotea mahali pale pale. Swali la chati: herufi ya *j* imewekwa pasipo pake, *ng* imeandikwa kwa alama moja, ghuna na sighuna zimepishana. Swali la mchoro matawi: kirai kimening'inizwa kwenye nomino isiyokihusu. Na wote hao vitini wanavyo, tena wamevipigia mistari ya rangi mpaka havisomeki.

Tabu ni kwamba wamevinakili kwa macho. Chati inataka ijaribiwe kwa mdomo, na mchoro unataka ujaribiwe kwa upatanisho wa kisarufi. Mwongozo huu unafuata njia hiyo, kwa mifano ya Kiswahili, kama inavyoulizwa mwaka wa kwanza.

## Vya kuwa navyo

Kitini cha fonetiki na kitini cha sintaksia, vya mwalimu wako mwenyewe na si vya mwenzako wa chuo kingine. Karatasi za A4 kama kumi na tano. Penseli, raba, rula, kalamu nyekundu. Karatasi moja ya manila ya kukatia vikadi. Simu, kwa ajili ya saa tu.

Nasisitiza kitini cha mwalimu wako kwa sababu vitini havikubaliani. Mmoja anaandika sauti ya kwanza ya *jiwe* kwa /ɟ/, mwengine kwa /dʒ/. Mmoja anaita *KN* na *KT* virai, mwengine anaita vikundi. Irabu ya *pete* hapa ni /e/, kule ni /ɛ/. Mimi nimechagua /ɟ/, /ɛ/ na /ɔ/ ili nisiyumbe. Wewe shika za anayesahihisha.

## Hatua ya 1: Hakikisha alama za kitini ni nzima

Kabla hujahifadhi kitu, kagua kama kitini chenyewe hakijaharibika njiani. Fotokopi ya fotokopi hula mikia ya herufi, na kitini kilichotumwa kwa simu kikifunguka bila fonti yake hutoa vijisanduku vitupu mahali pa alama.

Zikague kwanza hizi tatu: ɲ, ŋ na ɳ. Zote zina umbo la *n*, tofauti ni mkia. Ya *nyota* mkia wake uko mguu wa kushoto. Ya *ng'ombe* mkia uko mguu wa kulia, nao umepinda kuelekea kushoto. Ya tatu mkia uko mguu wa kulia na umepinda kulia. Hiyo si sauti ya Kiswahili, lakini fotokopi mbaya hukufanya uichore.

Ukiona herufi kubwa katikati ya neno, kama *N* au *S*, jua kitini kiliandikwa kwa fonti ya kizamani. Kwa kawaida N hapo ni ŋ, S ni ʃ, T ni θ na D ni ð. Zirekebishe kwa kalamu nyekundu mapema, maana kwenye kitini cha sintaksia S na N zina kazi nyingine kabisa.

Anayetaka kukiandika upya kwa kompyuta achague fonti ya Charis SIL au Doulos SIL. Ndani ya Word andika namba hizi, kisha bonyeza Alt+X mara tu baada ya kila moja:

```
014B  ŋ      0272  ɲ
0283  ʃ      0263  ɣ
03B8  θ      00F0  ð
025F  ɟ      025B  ɛ
0254  ɔ
```

Umefaulu hatua hii ukiweza kumsomea mtu kila alama ya kitini kwa neno la mfano, bila kusema "hii sijui ni nini".

## Hatua ya 2: Chora chati tupu

Laza karatasi kwa upana. Kwa rula piga safu nane za kusimama, uziandike juu kuanzia mbele ya kinywa kwenda ndani: midomo, mdomo na meno, meno, ufizi, ufizi na kaakaa, kaakaa gumu, kaakaa laini, glota. Kisha piga mistari saba ya kulala: vipasuo, vipasuo-kwamizi, vikwamizi, nazali, kitambaza, kimadende, viyeyusho.

Kila kisanduku kigawe kwa mstari mwembamba wa penseli. Kushoto ni sighuna, kulia ni ghuna. Huo ndio mpangilio wa chati ya kimataifa, na nimeona watu wakipoteza nusu ya maksi kwa kugeuza pande tu, sauti zote wanazijua.

Usijaze kitu bado. Peleka karatasi hiyo dukani ikatolewe kopi tano. Anayechora jedwali upya kila siku huchoka na jedwali kabla hajafika kwenye sauti.

## Hatua ya 3: Jaza kuanzia vikwamizi

Vitini vingi huanza na vipasuo kwa sababu ndio mstari wa juu. Wewe anza na vikwamizi. Mstari huo una sauti kumi na unagusa karibu safu zote, kwa hiyo ukikaa sawa unakuwa kipimo cha mistari mingine: /f v/, /θ ð/, /s z/, /ʃ/ peke yake, /x ɣ/, halafu /h/.

Sababu ya pili ni kwamba kikwamizi kinavutika. Weka vidole viwili kooni, vuta *sssss*, kisha bila kusita geuza iwe *zzzzz*. Kule kutetemeka kunakoanza ndiko ghuna. Fanya hivyo kwa *f* na *v*, kwa *th* ya *thelathini* na *dh* ya *dhahabu*, kwa *kh* na *gh* ya *ghali*. Kwa watu wa Unguja na Pemba hili si kazi, sauti hizo tunazo tangu chuoni kwa mwalimu wa Kurani.

Onyo: jaribio hilo usilifanye hivyo hivyo kwa vipasuo. Huwezi kuvuta *p*. Utasema *pa*, na irabu *a* itatetemesha koo, nawe utaandika kwamba /p/ ni ghuna. Mmoja wa wadogo zangu aliandika vipasuo vyote kuwa ghuna kwa sababu hiyo, naye aliapa kwamba koo lake limetetemeka. Kweli lilitetemeka. Kwa vipasuo sema *apa* na *aba* polepole, usikilize pale katikati midomo ilipofungwa: kwenye *aba* koo linaendelea kuguna, kwenye *apa* linanyamaza.

Sasa teremsha zilizobaki. Vipasuo: /p b/, /t d/, /ɟ/ upande wa ghuna chini ya kaakaa gumu, /k g/. Kipasuo-kwamizi: /tʃ/. Nazali: /m/, /n/, /ɲ/, /ŋ/, zote upande wa ghuna. Kisha /l/, /r/, na viyeyusho /j/ na /w/. Hiyo /w/ hutumia midomo na kaakaa laini kwa pamoja. Vitini vingi huiweka chini ya midomo, nawe iweke kilipoiweka chako.

Hesabu. Ukitumia orodha hii zinatoka sauti 26. Kama kitini chako hakihesabu /x/, zitakuwa 25. Ikipungua moja, mara nyingi iliyosahauliwa ni /ŋ/ au /ɣ/.

Jambo moja kwa masikio ya Kiunguja: sema *baba*, kisha *mbuzi*. Kwenye *baba* sisi huvuta hewa kidogo kuingia ndani, na koromeo hushuka. Alama ya sauti hiyo ni [ɓ]. Baada ya nazali, kama kwenye *mbuzi*, inakuwa [b] ya kawaida. Kwenye chati ya fonimu andika /b/ tu. Ile ya kofia ingoje swali linalotaka unukuzi finyu ndani ya mabano ya mraba.

## Hatua ya 4: Vikadi vya maneno yenye mtego

Kata manila vikadi ishirini. Mbele neno kwa tahajia ya kawaida, nyuma unukuzi. Usichukue maneno rahisi kama *mama*. Chukua yale ambayo tahajia inadanganya:

*yai* [jai], *jiwe* [ɟiwɛ]. Hapa ndipo wengi huumia, kwa kuwa alama ya [j] ni sauti ya *y* yetu. Andika vikadi hivi viwili kwa wino mwekundu.

*ng'ombe* [ŋɔmbɛ], *ngoma* [ŋgɔma]. Yenye ritifaa ni sauti moja, isiyo na ritifaa ni mbili. Ongeza *ng'onda*, samaki wa kukaushwa, na *chungwa* [tʃuŋgwa], ili uone kwamba katikati ya neno mambo ni yale yale.

*mtu* [m̩tu], *mbuzi* [mbuzi]. Kijistari chini ya *m* kinaonyesha kwamba inabeba silabi peke yake. Jipime kwa kupiga makofi: *m-tu*, *mbu-zi*. Kisha jaribu jozi hii, nzuri kuliko zote ninazozijua: *mtu mbaya* na *njia mbaya*. Tahajia ni moja, lakini mtu ni *m-ba-ya*, makofi matatu, na njia ni *mba-ya*, makofi mawili. Kwa hiyo unukuzi ni [m̩baja] na [mbaja]. Aliyenukuu kwa macho ataandika sawa zote mbili.

Kila siku jaza nakala moja tupu ya chati bila kufungua kitini, kisha nukuu vikadi kumi. Sahihisha kwa kalamu nyekundu, na kila kosa ulipe jina: *umbo* kama alama imechorwa vibaya, *kisanduku* kama imekaa mahali pabaya, *upande* kama ghuna na sighuna zimegeuka. Kosa la umbo linataka kuchora tu. Kosa la kisanduku linataka urudi kwenye kinywa, uhisi ulimi unagusa wapi. Kosa la upande linataka vidole kooni. Ukichanganya dawa utakesha bure.

Uko tayari siku ambayo chati nzima inajaa ndani ya dakika sita, ikiwa na kosa moja au hakuna, kwa siku mbili mfululizo.

## Hatua ya 5: Sheria za mchoro kwenye kikadi kimoja

Hamia kitini cha sintaksia. Tafuta sheria za muundo wa virai na uzihamishie kwenye kikadi kimoja. Kwa sentensi za mwaka wa kwanza hizi nne zinakufikisha mbali:

```
S  → KN KT
KT → T (KN)
KN → N (KH) (KH)
KH → H KN
```

Kilicho ndani ya mabano kinaweza kuwapo au kukosekana. *S* ni sentensi, *KN* ni kirai nomino, *KT* ni kirai kitenzi, na *N*, *T* na *H* ni nomino, kitenzi na kihusishi. *KH* ni kirai kihusishi, nami nimeweka humo *wa*, *cha*, *la* na wenzake. Kuna walimu wanaokiita kipande kama *cha ukili* kivumishi cha a-unganifu. Kama wako ni mmoja wao, badilisha jina la kifundo tu. Mahali pa kukining'iniza hapabadiliki.

Angalia sheria ya tatu na ya nne. *KN* ina *KH* ndani yake, na *KH* nayo ina *KN* ndani yake. Zinazungukana, na ndiyo maana sentensi inaweza kurefuka. Ndiyo maana vilevile watu hupotea hapa.

## Hatua ya 6: Uliza upatanisho kabla ya kuchora

Tuchukue sentensi hii:

*Bibi alinunua kikapu cha ukili wa Pemba.*

Wengi huandika S juu na kuanza kushuka, halafu wakifika *wa Pemba* wanakisia. Usichore bado. Chukua kila neno la a-unganifu uliulize: umepatana na nani? *Cha* imepatana na *kikapu*. *Wa* haiwezi kuwa ya kikapu, kwa kuwa hatusemi *kikapu wa*. Ni ya *ukili*. Basi *wa Pemba* inaning'inia kwenye ukili, ndani ya kirai kilichoanza na *cha*.

Sasa andika maneno saba kwenye mstari mmoja chini ya karatasi, yakiwa mbalimbali, halafu panda juu. Kila neno lipe kategoria yake kwanza, kisha unganisha kuanzia mwisho: *Pemba* inakuwa KN, pamoja na *wa* inakuwa KH, pamoja na *ukili* inakuwa KN, na hivyo hivyo mpaka S. Ukipanda kutoka chini, matawi hayakatani na nafasi haiishi. Kwenye karatasi utachora kwa mistari ya kushuka, hapa nimeulaza:

```
S
├─ KN ─ N ─ Bibi
└─ KT
   ├─ T ─ alinunua
   └─ KN
      ├─ N ─ kikapu
      └─ KH
         ├─ H ─ cha
         └─ KN
            ├─ N ─ ukili
            └─ KH
               ├─ H ─ wa
               └─ KN ─ N ─ Pemba
```

Badilisha silabi moja tu: *Bibi alinunua kikapu cha ukili cha Pemba.* Sasa ni kikapu kilichotoka Pemba. Ukili wake huenda ulisukwa Makunduchi. *Cha* ya pili inapatana na kikapu, kwa hiyo KH ya pili inatoka kwenye KN kubwa, sambamba na ya kwanza:

```
KN
├─ N ─ kikapu
├─ KH
│  ├─ H ─ cha
│  └─ KN ─ N ─ ukili
└─ KH
   ├─ H ─ cha
   └─ KN ─ N ─ Pemba
```

Kama mwalimu wako anataka kila kifundo kiwe na matawi mawili tu, funga kwanza *kikapu cha ukili* kuwa KN, kisha unganisha *cha Pemba* juu yake.

Uthibitisho kwamba KN kubwa ni kirai kimoja: ihamishe yote mbele. *Kikapu cha ukili wa Pemba, Bibi alikinunua.* Sentensi inasimama, na *-ki-* ndani ya kitenzi inakwambia kwamba neno kuu ni kikapu. Jaribu kuhamisha *ukili wa Pemba* peke yake uone inavyovunjika.

## Hatua ya 7: Upatanisho ukinyamaza, tia wingi

Sasa mtego wenyewe:

*Bibi alinunua mkeka wa ukili wa Pemba.*

Mkeka huchukua *wa*, ukili nao huchukua *wa*. Ukiuliza *wa* ya pili ni ya nani, haikujibu. Sentensi hii ina maana mbili na michoro miwili, na watunzi wa mitihani wanazipenda sentensi za namna hii kwa sababu hazikupi pa kuegemea.

Dawa ni kutia neno kuu katika wingi. *Mikeka ya ukili wa Pemba*: ukili ndio wa Pemba. *Mikeka ya ukili ya Pemba*: mikeka ndiyo ya Pemba. Wingi umezitenganisha. Chora mchoro wa kwanza kwa kufuata mfano wa *cha … wa* hapo juu na wa pili kwa kufuata *cha … cha*, kisha rudisha *mkeka* na *wa* kwenye majani.

Dada mmoja wa mwaka wa kwanza, mtu wa Wete, alinikatalia. "Kaka, mimi naisikia maana moja tu, mkeka umetoka kwetu." Nikamwambia aikariri mara mbili, mara ya kwanza apumzike baada ya *mkeka*, mara ya pili apumzike baada ya *wa ukili*. Akacheka, akaomba penseli. Pumziko hilo ni msaada wa kusikia tu. Kwenye karatasi ya mtihani hoja yako iwe wingi, si pumzi.

Kwa mazoezi, chukua sentensi ya kitini ubadilishe nomino kuu tu, muundo ubaki. Weka *jamvi*, utapata *la … wa* au *la … la*, na utata haupo. Weka *mkoba*, utata umerudi. Ukifanya nomino sita hivi utakuwa unauona mtego kabla hujamaliza kusoma swali.

## Hatua ya 8: Kagua mchoro kabla ya kugeuza ukurasa

Soma majani kutoka kushoto kwenda kulia. Ni lazima upate sentensi ile ile, maneno yale yale. Kisha hakikisha kila neno lina kategoria moja juu yake, na kila kifundo kinafuata sheria iliyo kwenye kikadi chako. Ukiona KT ina H chini yake moja kwa moja, umeruka KH mahali.

Angalia pia sentensi za neno moja. *Alikinunua* ni sentensi kamili: KN yake ni tupu, iandike Ø, na chini ya KT kuna T yenye neno zima. Usikate *a-li-ki-nunua* vipande uvitundike kwenye matawi. Hiyo ni kazi ya mofolojia, na huko huulizwa kwa swali lake.

Kwenye sentensi tata, ipe michoro yako majina A na B. Chini ya A andika "ukili umetoka Pemba", chini ya B "mkeka umetoka Pemba", kila moja na umbo lake la wingi pembeni. Msahihishaji asipoyaona maneno hayo hana njia ya kujua kama uliielewa tofauti au ulichora mara mbili ukabahatisha.